Kilio Kisichosimuliwa: Uhakiki wa Mandhari ya Msiba katika Hadithi Fupi

Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili wanaotunga hadithi fupi katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, na katika mitaa ya Lilongwe kama vile Nsungwi, hawachelewi kufika kwenye mazishi. Hilo si jambo la kustaajabisha. Dzaleka, iliyoko katika wilaya ya Dowa nchini Malawi, ilifunguliwa kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1994, mahali ambapo zamani palikuwa gereza. Wengi wa wakaao humo wametoka Kongo ya mashariki, Burundi na Rwanda. Wako miongoni mwao waliozika ndugu zao njiani, waliozika ugenini, na waliopata habari za mazishi ya wazazi wao kwa simu tu. Mtunzi wa namna hiyo hana haja ya kufundishwa msiba ni kitu gani. Linalostaajabisha ni kwamba, anapouandika, msiba wake hufanana na wa kila mtu.

Madhumuni ya makala haya ni kuichunguza mandhari ya msiba iliyoandikwa kwa kujizuia, yaani ile ambayo huzuni haitajwi, bali huonekana katika vitendo vidogo na katika mambo yanayokatizwa kabla ya kumalizika. Rai yetu ni moja: katika mandhari ya namna hiyo anayejizuia ni msimulizi, si mfiwa. Wengi hulichanganya jambo hili, na kwa kulichanganya huishia ama kwenye gharika ya machozi ama kwenye ubaridi.

Hatutamnukuu mwanafunzi yeyote, kwa kuwa si haki kuuanika msiba wa mtu ili kusahihisha insha yake. Vifungu tunavyovihakiki tumevitunga wenyewe kwa ajili ya darasa.

Maneno yaliyokwisha tayarishwa

Tuanze na kifungu cha kwanza, ambacho walimu wenzetu wataitambua sura yake mara moja:

"Kilio kilihanikiza nyumba nzima. Mama alibubujikwa na machozi njia mbili mbili, moyo wake ukachanika kwa uchungu usiokuwa na kifani. Kweli kifo hakina huruma! Kilikuwa kimemnyang'anya nguzo yake, nuru ya macho yake, na sasa dunia ilimgeukia ikawa giza totoro. Simanzi, majonzi na jitimai vilitanda kila pembe."

Kisarufi kifungu hiki hakina kosa. Msamiati wake ni mpana, na katika mitihani mingi ya insha kingepata alama nzuri kwa lugha ya mapambo. Lakini na tukiulize maswali. Nani amekufa? Hatujui. Alikuwa fundi, mkulima, mwalimu? Hatujui. Nyumba iko wapi, Nsungwi au Tanga? Yawezekana popote. Tukikitoa kifungu hiki na kukitia katika hadithi nyingine kumi, hakuna itakayokikataa. Marehemu amezikwa chini ya maneno, hata jina lake halisomeki tena.

Sababu yake si uvivu wa mtunzi. Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya msiba, na maneno hayo yana kazi yake katika maisha. Mtu aingiaye matangani akasema "Poleni", "Ni kazi ya Mungu", au "Ametangulia, sote tu njia moja", hasemi jambo jipya wala hatazamiwi kulisema. Maneno hayo yaliyozoeleka humpa mahali pa kusimama mbele ya jambo lisilosemeka, na humpa mfiwa jibu ambalo halimchoshi. Yakiwa kinywani mwa mwombolezaji ni kweli tupu. Kosa hutokea msimulizi anapoyachukua akayafanya yake, kwa sababu msimulizi hakuja kutoa pole, amekuja kutuonyesha.

Kuna jambo la lugha linalofaa kuangaliwa hapa. Mkongo wa mashariki husema "niko kwenye kilio" akiwa na maana kwamba yuko msibani. Jirani yake Mmalawi huuita msiba "maliro". Neno la kwanza latokana na kitenzi kulia, na la pili latokana na kulira, ambacho ni kitenzi kile kile katika Kichewa. Lugha zote mbili zimeupa msiba jina la sauti yake. Basi mtunzi akisema tu kwamba palikuwa na kilio, sauti imekwisha kusikika. Kuongeza kwamba watu walilia, tena kwa machozi, tena njia mbili mbili, ni kulieleza neno lililojieleza.

Hatusemi kwamba maombolezo ya wazi hayana nafasi katika fasihi yetu. Shaaban Robert alipomwombolezea mkewe Amina kwa shairi katika Maisha Yangu, alikuwa akisema kwa nafsi yake na kumwelekea marehemu mwenyewe. Ushairi wa maombolezo una ruhusa hiyo tangu kale. Hadithi fupi ina sharti jingine. Ndani yake yumo msimulizi anayesimama kati yetu na wafiwa, na akilia yeye, atatuzibia tusiwaone.

Mfano wetu

Sasa tukitazame kifungu cha pili. Fundi cherehani amefariki Nsungwi, naye atazikwa Dzaleka waliko jamaa zake, mwendo wa kilometa arobaini na ushei kaskazini mwa Lilongwe. Hadithi tumeiweka katika miaka ya kabla ya 2023, mwaka ambao serikali ya Malawi iliwataka wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warejee kambini.

"Asubuhi ile wanawake walikwisha kujaa chumbani, na mikeka haikutosha. Mama alikaa karibu na cherehani kwa kuwa hapakuwa na nafasi pengine. Kila alipofika mgeni, kilio kilianza mlangoni, kikapanda, kikamfikia Mama, kisha kikatulia.

Baba Mdogo akainama akamwuliza gari lije saa ngapi. Akasema saa nne. Akamwuliza kama waliotangulia kuchimba kaburi wamepelekewa maji.

'Madumu yako nyuma ya—' Kilio kikaanza tena mlangoni, naye akangoja kiishe. 'Nyuma ya mlango wa jikoni.'

Mtoto wa jirani alikuwa amesimama kizingitini, haingii wala haondoki. Mtu mmoja akamwambia aende akacheze. Hakwenda. Mama akamwita.

'Umefuata sare?'

Mtoto akaitikia kwa kichwa.

Sare ilikuwa bado kwenye cherehani, sindano imezama katika pindo. Mama akaizungusha gurudumu kwa mkono hata sindano ikainuka, akaivuta nguo, akaukata uzi kwa meno. Nusu ya pindo ilikuwa imeshonwa, na nusu imeshikizwa kwa pini. Akaanza kuzichomoa pini moja moja na kuzitia katika kibati.

'Acha, Dada,' Mama Mdogo akasema. 'Atakuja siku nyingine.'

'Shule inafunguliwa Jumatatu.'

Akajaribu kutunga uzi katika sindano ya mkono. Akajaribu mara tatu. Mama Mdogo akaichukua ile sindano, akaitunga, akamrudishia.

Alikuwa akishona alipokuja mzee wa kanisa kuuliza jina kamili la Baba, liandikwe msalabani. Akalitaja. Mzee akamwomba alitaje tena, herufi kwa herufi, naye akalitaja hivyo akiendelea kushona.

Alipomaliza akaikunja sare mara mbili, kola juu, kama zilivyokunjwa zile nyingine rafuni. Akampa mtoto.

'Mwambie mama yako imebaki kwacha elfu nne. Akipata nafasi, amletee—'

Nje dereva wa matola akapiga honi.

'Aniletee,' Mama akasema. 'Aniletee mimi.'

Mtoto akaondoka. Mama akakifunga kibati cha pini, akakiweka mahali pake. Kisha akasimama, na watu wakamshika mikono, ingawa hakuwa ameyumba."

Matola, kwa asiyeijua Malawi, ni lile gari la wazi linalochukua abiria na mizigo. Neno hilo tumeliacha kwa makusudi, kwa sababu ndilo ambalo watu wa pale wangelitumia.

Kazi iliyokatizwa

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni kwamba Mama ana kazi. Hakuketi tu akihuzunika. Kuna sare yenye pindo lililoshonwa nusu, na nusu hiyo ilishonwa na marehemu. Mtunzi hakusema kwamba kifo kilimkatiza fundi kazini. Sindano iliyozama katika pindo imelisema. Vile vile hakusema kwamba mjane anaichukua kazi ya mumewe. Tunamwona akiichukua, kwa mkono badala ya cherehani, na huenda mshono ukaonekana mahali mkono mmoja ulipoacha na mwingine ulipoanza. Msomaji mwangalifu atafika huko mwenyewe, na kwa kuwa amefika mwenyewe, hatasahau.

Jambo la pili ni kwamba kazi hiyo haiachwi iendelee. Baba Mdogo ana swali la gari na la maji. Mzee wa kanisa ana swali la jina. Dereva ana honi yake. Hakuna hata mmoja kati yao aliye mkatili. Kila mmoja ana haja ya kweli, na mazishi hayawezi kufanyika bila haja hizo kutimizwa. Hivi ndivyo msiba ulivyo kwa waliopata kuuendesha: mfiwa ndiye mwenye majibu, naye ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kujibu. Mambo yanayokatizwa, basi, si mapambo ya mtunzi. Ni utaratibu wenyewe wa mazishi.

Anton Chekhov, mwandishi wa Kirusi, aliijenga hadithi yake yote juu ya jambo hili. Katika hadithi aliyoitoa mwaka 1886, ambayo jina lake tungeweza kulitafsiri kuwa Majonzi, Iona Potapov ni mwendesha gari la kukodi la farasi aliyefiwa na mwanawe wiki hiyo hiyo. Anajaribu kumweleza abiria wake ofisa wa jeshi, kisha vijana watatu wanaotoka kustarehe, kisha bawabu, kisha mwendeshaji mwenziwe kijana. Kila mmoja ana haraka yake, au anamfukuza, au anasinzia. Mwishoni Iona anamsimulia farasi wake. Tukihesabu, tutaona kwamba sehemu kubwa ya hadithi ni maneno ya watu wengine kuhusu safari, nauli na njia. Habari za mwana zenyewe hazipati kusimuliwa kwa ukamilifu mbele yetu, na kwa sababu hiyo zinatujaa zaidi.

Walimu wa lugha wana faida moja hapa, maana Kiswahili kina viambishi vinavyofanya kazi hii kwa urahisi. Kiambishi -ka- hupanga vitendo mmoja baada ya mwingine, kila kimoja kwa zamu yake: akaizungusha, akaivuta, akaukata. Kiambishi -ki- hukiacha kitendo wazi ili kingine kiingie ndani yake: alikuwa akishona alipokuja mzee. Laiti tungeandika "Alishona, kisha mzee akaja, akamtajia jina", kila jambo lingepata zamu yake na kusingekuwa na mkwamo wowote. Kwa kusema kwamba alilitaja jina "akiendelea kushona", tumemwonyesha mtu anayetaja herufi za jina la mumewe huku macho yake yakiwa kwenye pindo, kwa kuwa hana mahali pengine pa kuyaweka. Mwanafunzi anayefundishwa tofauti ya -ka- na -ki- kwa orodha ya sentensi huisahau. Akiiona katika mfano wa namna hii, ataona kwamba tofauti hiyo ina uzito.

Kiambishi kimoja

Kilele cha kifungu kizima kimo katika silabi moja. Mama anasema "amletee", kisha "aniletee". Kiambishi -m- ndani ya kitenzi cha kwanza ni marehemu. Kwa miaka yote fedha za kazi za cherehani zililetwa kwake, na ulimi wa Mama umekwenda njia ulioizoea. Honi inampa nafasi ya kujisikia. Anapolirudia neno, kiambishi -ni- kimechukua mahali pa -m-, na tangu hapo ndivyo itakavyokuwa. Ujane umeingia katika sarufi.

Maneno "Aniletee mimi" yanaongeza kiwakilishi ambacho kisarufi si cha lazima. Je, ni ziada? Tunaona kwamba si ziada. Mtoto hakuhitaji ufafanuzi huo. Aliyeuhitaji ni Mama mwenyewe. Lakini hapo ndipo mpaka. Laiti mtunzi angeongeza, "Akakumbuka kwamba mumewe hayupo tena", angeufuta mstari wote alioujenga. Ni kishawishi kikubwa, kwa sababu mtunzi huogopa kwamba msomaji hataelewa. Dawa ya hofu hiyo si maelezo, bali ni kuhakikisha kwamba msomaji amekwisha kupewa alichohitaji mapema: kwamba fundi ni Baba, kwamba sare ni kazi yake, kwamba kulikuwa na fedha za kulipwa. Vitu hivyo vikiwapo, silabi moja inatosha. Visipokuwapo, hata kurasa mbili za ufafanuzi hazitatosha.

Kosa la wakati huweza kufanya kazi ile ile. Mfiwa husema "anapenda" mahali pa "alipenda", au "hanywi chai ya moto" juu ya mtu ambaye hatakunywa tena. Kila aliyekaa matangani ameyasikia hayo. Mtunzi asiyatumie mara mbili katika hadithi moja, kwa maana mara ya pili msomaji ataiona mbinu badala ya mtu.

Anayejizuia ni nani?

Hapa tunafika kwenye rai tuliyoitaja mwanzoni. Baadhi ya wasomaji watapinga wakisema kwamba kujizuia ni desturi ya ugenini, kwamba kwetu watu hulia, tena kwa sauti, na kwamba mwanamke asiyelia msibani husemwa. Pingamizi hilo ni la haki. Katika jamii nyingi za maziwa makuu, na kwa Wachewa vile vile, kilio cha wanawake ni wajibu. Humkaribisha mgeni, humtangaza marehemu, na kina mpango wake wa kupanda na kushuka. Mtunzi atakayeandika msiba wa Dzaleka usio na sauti atakuwa amedanganya.

Lakini turudi kwenye mfano. Kilio kimo humo tangu mstari wa tatu. Kinaanza mlangoni kila afikapo mgeni, kinapanda, kinamfikia Mama, kinatulia. Hivyo ndivyo kinavyokwenda katika maisha, na huwezi kukieleza hivyo usipowahi kukaa kwenye mkeka. Msimulizi hakukificha, amekisikiliza na kukieleza kama anavyoeleza mwendo wa sindano. Tena amekipa kazi katika ujenzi wa kisa, kwa sababu kilio ndicho kinachoikata sentensi ya madumu ya maji. Watu wanalia kadiri ya desturi yao. Msimulizi ndiye aliyenyamaza.

Na msimulizi huyo ni nani? Anasema "Mama", "Baba Mdogo", "Mama Mdogo". Kwa istilahi hizo za ukoo tunatambua kwamba yeye ni mtoto wa nyumba hiyo, mfiwa kama mamaye. Hasemi "mimi" hata mara moja. Neno "Baba" pekee, bila "Mdogo", analitaja mara moja tu, pale linapoulizwa jina la kuandikwa msalabani, na jina lenyewe halitaji. Kifungu kizima kinaweza kusomwa kama kitendo kidogo cha mtoto huyu: anamtazama mamaye kwa makini mno ili asitazame kwingine.

Sentensi ya mwisho nayo ina faida. Watu wanamshika Mama mikono "ingawa hakuwa ameyumba". Desturi inataka mjane ashikwe, nao wamemshika. Msimulizi haikejeli desturi hiyo, wala haielezi. Anaonyesha tu kwamba kuna tofauti kati ya huzuni ambayo watu wanaitazamia na ile waliyokuwa wakiiona tangu asubuhi pasipo kuitambua.

Hatari mbili

Hatari ya kwanza ni ubaridi. Albert Camus, katika riwaya yake ya mwaka 1942 ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Mgeni, alimwonyesha Meursault akikesha na maiti ya mamaye kwa vitendo vidogo vitupu: anakunywa kahawa ya maziwa, anavuta sigara. Baadaye mahakama inavitumia vitendo hivyo hivyo kumhukumu. Mwanafunzi akiuliza kwa nini vitendo vya Meursault vinatupa ubaridi na vya Mama vinatupa uchungu, ajibiwe kwamba atazame kama vitendo vinakwama. Kahawa ya Meursault inanyweka na sigara yake inavutwa. Hakuna kinachoshindikana mkononi mwake. Camus alitaka hivyo, na kwa lengo lake ni sawa. Mama hashindwi na lolote gumu, lakini uzi haupiti katika tundu la sindano, mara tatu. Hapo ndipo huzuni ilipojificha. Mandhari ambayo kila kitendo kinamalizika bila taabu haiwezi kudai kwamba ina huzuni iliyozuiliwa. Ina vitendo tu.

Hatari ya pili ni kitendo kidogo kilichochakaa. Kuna kikombe cha ziada kinachomiminwa chai kwa kusahau, viatu vilivyobaki mlangoni, picha inayoanguka ukutani, mvua inayonyesha kaburini. Vitu hivi viliwahi kuwa vipya, lakini leo vimekuwa sawasawa na machozi njia mbili mbili. Kuvitambua ni rahisi: kitendo kinachoweza kufanywa katika msiba wa mtu yeyote kimechakaa. Sare yenye pindo nusu inamfaa fundi cherehani wa Nsungwi, naye alikuwa na cherehani, rafu, kibati cha pini na mteja mtoto. Haimfai mvuvi wala mwalimu. Mshairi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alilijua jambo hili mapema. Katika kuonyesha maangamizi ya nyumba za Pate, hakusema tu kwamba zimekuwa ukiwa. Alituonyesha madaka yaliyowekwa vyombo vya thamani, na sasa ndege wamefanya makazi yao humo. Ni madaka ya nyumba zile, si ya nyumba yoyote. Kweli, utenzi ule una mawaidha mengi pia, kwa kuwa uliandikwa kuonya. Lakini mawaidha yanabebwa na madaka.

Zoezi la darasani

Mwalimu anayetaka kulifundisha jambo hili aanze na marehemu, asianze na huzuni. Mwanafunzi aandike kwanza kazi moja ambayo marehemu aliiacha haijakwisha, na vyombo vyake kwa majina yake halisi. Kisha aandike watu watatu wenye haki ya kuingia chumbani, kila mmoja na swali lisiloweza kungoja. Hayo mawili tu yatampa kazi na vikwazo vyake.

Baada ya kuandika, apige mstari chini ya kila neno linalotaja hisia: huzuni, simanzi, majonzi, uchungu, jitimai. Maneno yaliyomo vinywani mwa waombolezaji yaachwe, kwa kuwa ni haki yao. Yaliyomo kinywani mwa msimulizi yafutwe, kisha kifungu kisomwe tena kwa sauti. Mahali kitakapoanguka ndipo palipokosa kitendo, na hapo ndipo pa kurudi kufanya kazi. Mahali kitakaposimama, neno lililofutwa halikuhitajika tangu hapo. Katika kusahihisha, mwalimu asihesabu methali na tashbihi. Aulize kama kifungu kingeweza kuhamishwa kikatiwa katika hadithi ya mwanafunzi wa dawati la pili. Kikihamishika, alama zipungue.

Tamati

Yako mambo ambayo mtindo huu hauyawezi. Haufai kwa msiba wa halaiki, ambapo hakuna kazi ya mtu mmoja inayoweza kubeba wote. Haufai kwa mtunzi anayetaka kulaani waliosababisha kifo, kwa maana laana yataka sauti. Na hadithi yenye misiba mitatu iliyozuiliwa hivi itamchosha msomaji kama ile yenye misiba mitatu ya machozi.

Lakini kwa mtunzi aliyezika mtu mmoja, mwenye cherehani moja, katika mtaa mmoja wa Lilongwe, mtindo huu una jambo ambalo maneno yaliyokwisha tayarishwa hayawezi kumpa. Makaburi ya ugenini yako mbali na jamaa, na wengine hawatayafikia kamwe. Ndugu aliyebaki Kongo akiisoma hadithi yenye simanzi, majonzi na jitimai, ataambiwa tu kwamba mtu amekufa, nalo alikwisha kulijua. Akiisoma yenye kibati cha pini kilichofungwa kikarudishwa mahali pake, atajua ni nani.